Kodi ya jengo kwenye LUKU ni ya moja kwa moja au siyo? Na mimi ni mpangaji tu

#1 Mpangaji wa Mwanga
Wadau habari za jioni. Niko Kigoma mjini, Mwanga, nimepanga chumba na sebule. Juzi nimenunua umeme wa 10,000 nikapata yuniti 23.8. Jirani yangu wa chumba cha uani, ukuta mmoja na mimi, mita yake mwenyewe, kanunua 10,000 hiyohiyo kapata 28 na chenji. Nikadhani nimeibiwa. Kusoma meseji vizuri nikaona nimekatwa 1,500 ya kodi ya jengo, halafu chini yake kuna VAT, kuna REA, kuna EWURA.

Sasa sekondari tulifundishwa kodi ya moja kwa moja ni kama ile ya mshahara, na isiyo ya moja kwa moja ni ile inayojificha ndani ya bei ya bidhaa. Hii ya jengo iko wapi? Inakuja ndani ya umeme kama VAT, lakini jina lake ni la jengo, na mimi jengo sina. Pili, hivi vipande vyote vinne vinaingia mfuko mmoja au kila kimoja na mlango wake?

#2 Ngoja Waje
Naweka kigoda changu hapa. Mwenye kahawa alete.

#3 Reli ya Kati
Jibu ni jepesi mkuu. Moja kwa moja maana yake inakatwa moja kwa moja kabla hujaigusa hela. Mwalimu anakatwa mshahara kabla haujaingia benki, ni moja kwa moja. Wewe umekatwa 1,500 kabla ya yuniti hazijatoka, ni moja kwa moja. VAT nayo kwenye LUKU ni moja kwa moja kwa sababu huwezi kuikwepa. Dukani ndiyo inakuwa siyo ya moja kwa moja, kwa sababu pale mwenye duka anaweza kukusahau.

#4 Mhasibu Mstaafu
Reli, kuhusu kodi ya jengo umefika penyewe, ila njia uliyopita siyo. Namna ya kukata haihusiani na aina ya kodi. Serikali inaweza kukata kodi yoyote kupitia mlango wowote inaouona rahisi, na LUKU ni mlango rahisi kwa kuwa kila mtu lazima apite.

Twende na risiti ya mleta mada. Alilipa 10,000. Kwanza ikatoka 1,500 ya jengo, ikabaki 8,500. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachukua asilimia 18 ya 8,500. Hapana. Ile 8,500 tayari ina bei ya umeme pamoja na asilimia 18 ya VAT, 3 ya REA na 1 ya EWURA juu yake. Kwa hiyo unagawa kwa 1.22. Umeme wenyewe ni shilingi 6,967.21. VAT ni 1,254.10, REA 209.02, EWURA 69.67. Jumlisha utapata 8,500. Ukichukua 6,967 ukagawa kwa 292, ambayo ndiyo bei ya yuniti kwa nyumba za kawaida, unapata 23.86. Hukuibiwa. Jirani yako mita yake haijafungwa kodi ya jengo, ndiyo maana kapata 28.

Sasa jaribio la kutofautisha. Zima kila kitu, nenda Kasulu kwa wazazi ukae miezi mitatu bila kununua umeme. VAT uliyolipa ni sifuri, kwa sababu yenyewe inafuata matumizi. Kodi ya jengo haijali. Inajirundika 1,500 kila mwezi, na siku ukirudi ukinunua tu inakata 4,500 kwa mkupuo. Hiyo inamfuata mwenye mali, atumie asitumie. Ndiyo maana jengo ni ya moja kwa moja na VAT siyo, ingawa zote zimepanda basi moja.

#5 Mpangaji wa Mwanga
Asante Mhasibu, hesabu imekaa sawa kabisa na meseji yangu hadi senti. Lakini umeniacha njiani. Umesema "inamfuata mwenye mali". Mbona imenifuata mimi?

#6 Bi Katubuka
Mimi nina saluni ya kusuka hapa Katubuka, viti viwili na draya. Watu wa kodi walishakuja, wakaangalia daftari langu, mauzo yangu ya mwaka hayafiki milioni nne, wakasema kwa kiwango hicho sidaiwi kodi ya mapato. Tangu hapo kaka zangu wananitania kwamba nafuga nywele za watu bila kulipa kodi. Kwa maelezo ya Mhasibu ina maana ninalipa au silipi? Umeme wa saluni kwa mwezi unakula kama 40,000, mita yangu haikatwi jengo.

#7 Mhasibu Mstaafu
Bi Katubuka, unalipa, tena huna pa kuidai. Katika 40,000 yako umeme ni 32,786.89 na VAT ni 5,901.64. Kwa mwaka hiyo ni karibu shilingi 70,800 ya VAT ya umeme peke yake, hatujagusa mafuta ya nywele wala soda unayompa mteja.

Sasa angalia hoteli kubwa kule ziwani. Nayo inalipa VAT kwenye umeme kama wewe, pengine ya mamilioni. Lakini yenyewe imesajiliwa VAT. Kila mwezi inachukua VAT iliyowatoza wageni, inatoa ile iliyolipa kwenye umeme, magodoro, sabuni, na kupeleka TRA tofauti tu, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo VAT ya umeme wake anailipa mgeni aliyelala pale. Wewe hujasajiliwa, maana kizingiti tangu 2023 ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo ile 5,901 inaishia mfukoni kwako au unaisukuma kidogokidogo kwenye bei ya kusuka.

#8 Bi Katubuka
Kumbe! Kaka zangu leo watanitambua. Na bei ya rasta napandisha wiki ijayo, msije mkasema hamkuambiwa.

#9 Mzee wa Gungu
Mimi ni mwenye nyumba. Naomba nisemee upande wetu kabla hamjatuchoma moto. Nyumba yangu ina vyumba nane, mita moja, kodi ya jengo 1,500 kwa mwezi. Kugawa kwa wapangaji nane ni shilingi 187 na ushee kwa mtu. Mtu analalamikia bei ya kashata mbili! Zamani enzi za manispaa tulikuwa tunaletewa bili, wengi hawalipi, mgambo wanazunguka. 2016 ikahamia TRA, watu wakapanga foleni juani. Kwenye LUKU angalau sitafutwi.

#10 Mpangaji wa Mwanga
Mzee shikamoo. Sisi kwetu tuko wapangaji wawili tu na mita zetu tofauti, na iliyofungwa kodi ni yangu. Kwa hiyo siyo kashata, ni 18,000 kwa mwaka yote juu yangu, na jirani anacheka.

#11 Mzee wa Gungu
Marahaba kijana. Hapo mwenye nyumba wako kakuonea. Tunza meseji, mwisho wa mwaka mkatane kwenye pango. Kisheria hiyo ni ya mwenye jengo, hata serikali ilishasema mwanzoni kabisa mfumo ulipoanza 2021 kwamba mpangaji na mwenye nyumba waelewane.

#12 Kijana wa Kibirizi
"Waelewane." Mzee, mwenye nyumba wangu hata bomba la maji likipasuka hatuelewani.

#13 Mwalimu wa Zamu
Mimi ndiye yule mnayemtolea mfano kila mara. Ngoja niwape slipu yangu kwa faida ya wote. Mshahara 800,000. Inatoka kwanza PSSSF asilimia 5, yaani 40,000, inabaki 760,000 ya kutozwa kodi. Hapo 270,000 ya kwanza haiguswi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, inakuja 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, inakuja 48,000. Jumla PAYE ni 68,000. Bima na makato mengine siyahesabu, hayo siyo kodi.

Watu huwa wanasema "nimepanda mshahara nimeingia daraja la asilimia 20, bora nisingepanda". Siyo kweli. Ile asilimia 20 inakamata kile kipande cha juu tu, siyo mshahara wote. Lakini hoja yangu ni nyingine. Nikishakatwa 68,000, kinachobaki nanunua umeme nakatwa VAT, naenda kujaza mafuta ya pikipiki nakatwa tozo. Mara ngapi shilingi ileile?

#14 Reli ya Kati
Mwalimu, wewe angalau PAYE inajua kipato chako. Anayepokea 260,000 haguswi hata senti. VAT ya LUKU haina macho. Mwalimu mkuu na mlinzi wa shule wote wakinunua ya 10,000 wanaacha VAT ileile, ila kwa mlinzi hiyo ni sehemu kubwa zaidi ya alichonacho. Hapo ndipo mimi naona tofauti ya kweli iko, siyo kwenye nani anapeleka karatasi TRA.

#15 Mhasibu Mstaafu
Reli, mara hii nakupa mkono. Ila siyo haina macho kabisa. Kwenye umeme kuna kundi la watumiaji wadogo wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, wanalipa shilingi 100 kwa yuniti. Hao yuniti 75 ni 9,150 pamoja na makato yote. VAT yao ni 1,350 kwa yuniti 75, wakati wa kundi la 292 akinunua yuniti 75 VAT ni 3,942. Kiwango ni kilekile cha 18, kilichowasaidia ni bei ya chini. Unaweza kumlinda mnyonge hata ndani ya kodi isiyomtazama usoni. Mahindi ambayo hayajakobolewa nayo hayana VAT kwa sababu hiyohiyo.

#16 Mnyamwezi wa Urambo
Nawasalimu watani zangu wa Kigoma. Mmeongea sana habari za umeme, sisi huku Tabora tuko kwenye tumbaku. Swali la mleta mada mimi naliona hivi: ushuru wa mazao ni wa nani? Kwa sababu nikifika chama cha msingi nikiuza, naambiwa asilimia 3 ya halmashauri.

#17 Ngoja Waje
Mtani kaingia na mtumba wa tumbaku kwenye uzi wa LUKU. Karibu, kigoda kipo.

#18 Mhasibu Mstaafu
Hakuuliza mleta mada, lakini swali la mtani ni zuri kuliko anavyodhani. Kwa sheria, ushuru wa mazao analipa mnunuzi, siyo mkulima. Tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, kabla ya hapo ilikuwa hadi 5. Na ukisafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hutakiwi kutozwa. Hilo mtu wa geti akikusimamisha na magunia matano mkumbushe kwa adabu.

#19 Mnyamwezi wa Urambo
Analipa mnunuzi wapi! Mnunuzi anajua anadaiwa 3, anakuja mnadani ameshaitoa kwenye bei anayonipa. Kilo ya 5,000 kichwani mwake ni 4,850. Karatasi inasema kalipa yeye, shamba linasema nimelipa mimi.

#20 Mpangaji wa Mwanga
Mtani umeniokoa, ndicho ninachosema tangu mwanzo! Karatasi inasema mwenye nyumba, mita inasema mimi.

#21 Kijana wa Kibirizi
Kwa hiyo kodi ya moja kwa moja ikisukumwa kwa mwingine inageuka isiyo ya moja kwa moja? Au inabaki ileile ila mwizi kabadilika?

#22 Mhasibu Mstaafu
Hazina watahesabu kwa karatasi: kodi ya jengo ni ya mali, imeandikwa kwa jina la mwenye mali. Nani anaumia ni swali jingine, na jibu lake hutegemea nani ana pa kukimbilia. Mwanga vyumba vikiwa vichache na wapangaji wengi, mwenye nyumba anasukuma. Vyumba vikibaki vitupu, anameza mwenyewe kwa sababu akipandisha unahamia Buzebazeba. Mkulima wa tumbaku hana pa kuhamia, mnunuzi mwenyewe ndiyo huyohuyo mmoja au wawili.

#23 Mzee wa Gungu
Mhasibu hapo sikubali. Pango langu sijalipandisha miaka mitatu, na LUKU ya jengo ilikuwa 1,000 ikawa 1,500 mwaka 2023. Nimemsukumia nani?

#24 Bi Katubuka
Mzee, mita moja vyumba nane, wapangaji ndio wanaochanga hela ya umeme, siyo? Basi umesukuma ukiwa umelala.

#25 Mzee wa Gungu
😀 Huyu mama wa saluni ana ulimi wa wembe.

#26 Kijana wa Kibirizi
Tuje sehemu ya pili ya swali, maana naona mnaikimbia. Hela inaenda wapi? Mimi kwa macho yangu najua tozo za miamala zilifanya kazi. Shule ya kata ya kwetu ilijengewa madarasa mawili mwisho wa 2021, yana marumaru na viti vipya. Tulilia na tozo mwezi wa saba, mwezi wa kumi na mbili tukaona madarasa.

#27 Mwalimu wa Zamu
Mkuu hapo nikurekebishe, maana nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi. Madarasa ya mwisho wa 2021 yalikuwa ya fedha za UVIKO, ule mkopo wa trilioni 1.3 kutoka IMF. Nchi nzima yalikuwa madarasa 15,000. Ndiyo maana yalikimbizwa yaishe kabla ya Januari watoto wa kidato cha kwanza hawajaripoti. Tozo ilianza Julai 2021, kelele zikawa nyingi, Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Hela yake ilitajwa kwenye vituo vya afya vya tarafa na madarasa mengine, ila haya ya kwenu, kama ni ya Desemba ile, ni mkopo. Na mkopo nao unalipwa kwa kodi, kwa hiyo usihuzunike, mchango wako utafika tu.

#28 Kijana wa Kibirizi
Duh. Miaka yote nimewaonyesha watu "hii ni tozo yangu".

#29 Mhasibu Mstaafu
Ndiyo shida ya kufuata shilingi. Kwa Ibara ya 135 ya Katiba, mapato ya serikali yanaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatengea mfuko wake. Sasa rudi kwenye risiti. VAT 1,254 inaenda Mfuko Mkuu, inachanganywa na PAYE ya Mwalimu na ushuru wa bia. Haiwezekani kusema imelipa nini. REA 209 ina kazi yake, ni umeme vijijini. EWURA 69 inaendesha mdhibiti mwenyewe, hata kodi siyo, ni ada ya udhibiti. Kwa hiyo kwenye meseji moja una kodi ya mali, kodi ya matumizi, tozo yenye mfuko wake, na ada.

Kwenye mafuta ni hivyohivyo. 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Ukijaza pikipiki Kibirizi unajua shilingi hizo zimeandikiwa barabara za mitaa.

#30 Reli ya Kati
Zimeandikiwa. Njoo uone barabara ya kwetu Bangwe mvua ya kwanza.

#31 Dagaa Mchele
Mimi natoka kijiji cha ndani Uvinza. Nguzo za REA zimefika, kuunganisha ilikuwa 27,000, nimewasha. Kwa hiyo nyie wa mjini mnaokatwa 209, asanteni. Mama yangu anasaga mahindi kwa mashine ya umeme sasa, zamani ilikuwa ya dizeli na inazimika kila saa.

#32 Mpangaji wa Mwanga
Karibu ndugu. Angalau kipande kimoja kimejulikana kilikokwenda.

#33 Mwalimu wa Zamu
Nami nimejifanyia hesabu ya kujifariji. PAYE yangu ni 68,000, mara kumi na mbili ni 816,000. Shule ya msingi inapata ruzuku ya 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zinaingia akaunti ya shule na 4,000 ni za vitabu. 816,000 ukigawa kwa 6,000 ni watoto 136. Yaani PAYE yangu ya mwaka inatosha chaki, mitihani na ukarabati mdogo kwa watoto 136. Shuleni kwetu tuko na watoto 600, ruzuku hiyo ni milioni 3.6 kwa mwaka, kama 300,000 kwa mwezi, na mlinzi hayumo humo, mlinzi ni michango ya wazazi.

#34 Reli ya Kati
Mwalimu unajidanganya vizuri. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35. Kulipa deni la serikali trilioni 13 na kitu, mishahara trilioni 11 na kitu. Nusu ya kapu imekwenda kabla hujafika kwenye chaki. Uwezekano mkubwa 68,000 yako imelipa riba na kukulipa wewe mwenyewe.

#35 Mwalimu wa Zamu
Yaani najikata nijilipe?

#36 Reli ya Kati
Ndiyo maana nasema, wafanyakazi wa serikali PAYE yenu ni kuhamisha hela mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Kodi halisi analipa Bi Katubuka.

#37 Mhasibu Mstaafu
Reli umechanganya kidogo. PAYE ya mwalimu inaingia Mfuko Mkuu sawa, na mshahara wake unatoka humohumo, lakini haijawa bure. Bila kodi hiyo serikali ingemlipa 732,000 na hesabu ingekuwa ileile kwake. Ila PAYE siyo ya walimu tu, wafanyakazi wa migodi, mabenki na viwanda wako humo, hao hela inatoka nje ya serikali kabisa. Na deni nalo siyo riba tupu, kuna mtaji unaorudishwa wa reli na mabwawa yaliyojengwa. Kama lilistahili kukopwa, huo ni uzi mwingine, na mods wataufunga kabla hatujafika kurasa mbili.

#38 Ngoja Waje
Mods waacheni, leo wamelala.

#39 Mnyamwezi wa Urambo
Na ile 3 yangu ya tumbaku? Hiyo haifiki Dodoma?

#40 Mwalimu wa Zamu
Hiyo inabaki halmashauri yenu mtani, ni mapato ya ndani. Asilimia 10 ya mapato hayo ndiyo mikopo ya makundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Uliza diwani wako kikundi gani kilipata, orodha ipo. Hiyo ni hela rahisi kuifuatilia kuliko VAT.

#41 Mnyamwezi wa Urambo
Diwani wetu ukimuuliza orodha anakuuliza kadi ya mpiga kura.

#42 Mama Vitenge
Samahani naingilia, sijasoma kurasa zote. Nina kiwanja kimoja Ujiji, nyumba moja lakini mita mbili, moja ya kwangu moja ya duka la mbele. Zote zinakatwa 1,500. Kwa hiyo natozwa majengo mawili? Duka na nyumba ni paa moja.

#43 Mzee wa Gungu
Dada hiyo ilimkuta shemeji yangu. Jengo moja linatakiwa likatwe kwenye mita moja. Nenda ofisi inayosimamia kodi ya majengo na namba zote mbili za mita, picha ya nyumba na kitambulisho, waambie waondoe moja. Usisubiri, kila mwezi wa ukimya ni 1,500 nyingine. Shemeji alifuatilia, ikaondolewa, lakini zilizokatwa nyuma hazikurudi.

#44 Reli ya Kati
Na kama una mama au baba wa zaidi ya miaka 60 anakaa kwenye nyumba yake mwenyewe na hana kipato, naye anasamehewa. Ila lazima aombe, mita haijui umri.

#45 Mhasibu Mstaafu
Kwa Mama Vitenge: angalia pia kama mita ya duka imewekwa kundi la biashara. Kama ndivyo, wanaweza kubisha kwamba ni jengo la pili. Nenda na hoja ya paa moja, usiende na hoja ya biashara ndogo, hiyo haiwahusu.

#46 Mama Vitenge
Asanteni sana. Jumatatu naenda. Nikikwama narudi hapa.

#47 Mpangaji wa Mwanga
Na mimi nimempigia mwenye nyumba mchana. Kasema atahamishia kodi kwenye mita ya jirani. Jirani kasikia, sasa ndiye asiyecheka.

#48 Kijana wa Kibirizi
Kwa hiyo imesukumwa mara ya tatu. Mhasibu, hii sasa tuiite ya aina gani?

#49 Mnyamwezi wa Urambo
Iiteni mnavyotaka, mimi nasubiri migebuka yangu. Mtani wa Kibirizi uliahidi tangu Aprili.

#50 Kijana wa Kibirizi
Nikituma kwa treni utalipa nauli wewe au mimi?